Mtu wa Pwani na Mlima Kilimanjaro

Wako wenzetu wanaokusudia kupanda Kilimanjaro likizo ijayo, nao wameniuliza, mimi niliyekwenda mwaka jana, wajitayarishe namna gani. Nimeona afadhali niwajibu katika ukurasa huu, ili hata ndugu zetu waliokwisha maliza shule wapate kusoma.

Sisi wa Mosimboa da Praia tumezaliwa usawa wa bahari. Hata mji wa Mueda, ulio juu ya uwanda wa Wamakonde, haufiki mita 1,000. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Basi yatupasa kujua mambo mawili mbalimbali: kutayarisha miguu, na kuuzoeza mwili hewa ya juu. Tulilitimiza la kwanza, la pili tukalidharau, na hapo ndipo tulipopata taabu.

Miguu tuliitayarisha kwa miezi minne. Tangu vita vilipoanza mwaka 2017 hatutembei ovyo porini, kwa hiyo uwanja wetu ulikuwa ufuko. Maji yakitoka tulitembea juu ya mchanga laini, siku tatu kila juma, saa moja kila mara. Kila Jumamosi tulitembea kwa muda mrefu zaidi, kwanza saa mbili, mwisho saa sita, kila mtu na mzigo wa kilo sita mgongoni. Mwezi wa mwisho tulitembea Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa maana mlimani mtu huamka na uchovu wa jana, akaanza tena. Tulipanda na kushuka ngazi pia, hasa kushuka, kwani magoti huumia zaidi wakati wa kurudi. Viatu vyetu vya mlimani tulivivaa katika mazoezi hayo yote, na hakuna aliyepata malengelenge.

Sasa nieleze habari ya hewa. Kileleni kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili una njia ya kujirekebisha: hupumua zaidi usiku na mchana, na figo nazo hubadili hali ya damu ili kupumua huko kuwezekane. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na haiharakishwi kwa kukimbia ufukoni. Mwenye mapafu ya mkimbiaji huweza kuugua kama mwingine. Pengine huugua upesi zaidi, kwa sababu miguu yake humfikisha juu kabla mwili haujawa tayari.

Ndivyo alivyopatwa mwenzangu, mkimbiaji bora wetu. Tulipita njia ya Marangu kwa siku tano, maana kila siku ya ziada ina gharama yake. Usiku wa kwanza tulilala Mandara, mita 2,720; wa pili Horombo, mita 3,720; wa tatu Kibo, mita 4,720. Kule Horombo alitapika nyuma ya nyumba. Kichwa kilimwuma, na chakula hakukitaka. Alinisihi nisimwambie kiongozi, nami nikanyamaza, nikidhani huo ndio urafiki.

Usiku wa manane tulitoka Kibo kwenda kileleni. Tulipofika kama mita 5,000 alianza kuyumba kama mlevi. Kiongozi alimwambia atembee katika mstari ulionyoka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hakuweza hata hatua tatu. Kiongozi hakubishana naye. Alimshika mkono wakashuka papo hapo, gizani, mpaka Horombo. Kabla ya adhuhuri alikuwa akiomba uji. Baadaye kiongozi aliniambia kwamba kuyumba ni dalili ya ubongo kuvimba, na kwamba angalimngoja mpaka asubuhi, huenda tungalimbeba maiti. Maneno yale sijayasahau.

Kanuni wanayoifuata waganga wa milimani ni hii: ukipita mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja bila kupandisha malazi. Haya, tuipime safari yetu. Kutoka mita 3,000 mpaka Kibo ni mita 1,720, yaani kwa kanuni hiyo ni malazi manne, na siku ya mapumziko juu yake. Sisi tulitumia malazi mawili tu! Anayekwenda kwa siku sita hulala Horombo mara mbili, na mchana hupanda mpaka karibu mita 4,000 kisha akarudi kulala. Hiyo ni bora, lakini bado haitoshelezi kanuni.

Ningekwenda tena ningechagua njia ya Machame kwa siku saba. Malazi yake ni kama mita 3,000, kisha Shira 3,840. Siku ya tatu hupanda mpaka Mnara wa Lava, mita 4,630, kisha hushuka kulala Baranko, 3,960. Hupata faida ya kimo bila kukilalia. Baada yake ni Karanga, karibu mita 4,000, ndipo Barafu, 4,670. Hata hapa pana malazi mawili yanayopita kanuni, ila mwili umepata usiku tano badala ya tatu. Akiba ya siku ndiyo dawa.

Wa kale walilijua jambo hili. Mjerumani Hans Meyer alishindwa kufika kileleni mwaka 1887. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, akaweka kambi juu mlimani, na wapagazi wakawa wakimletea chakula. Mtu mmoja wa pwani, Mwini Amani wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa shimo la mlima, lakini walikuwa wamechoka na wakati umepita, wakarudi. Walipumzika, na tarehe 6 wakafika kileleni. Kwa sababu walikuwa na chakula na siku za akiba, kurudi hakukuwa hasara.

Basi kabla ya kuondoka patana na kiongozi mambo matatu. La kwanza, kila jioni kila mtu aulizwe mbele ya wenzake habari za kichwa, tumbo na usingizi. Mwenye maumivu ya kichwa asipande mpaka yaishe. La pili, anayeyumba, anayesema maneno yasiyoeleweka, au anayehema hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja, hata usiku, mita 500 mpaka 1,000. La tatu, siku ya kilele iwekwe saa ya kugeuka. Mathalani, asiyefika ukingoni saa mbili asubuhi arudi. Mkumbuke kwamba kutoka kilele hicho mnashuka karibu mita 2,800 siku ileile mpaka kambi ya Mweka, na magoti yanahitaji nguvu.

Habari ya nguo ni fupi. Alfajiri kileleni baridi huweza kupita nyuzi 10 chini ya sifuri. Msivae pamba mwilini, kwani ikilowa jasho haikauki. Sweta za sufi na makoti mazito hupatikana kwa bei nafuu katika marobota ya kalamidadi, maana hapa kwetu hakuna anayeyagombea. Chupa ya maji iwekeni kifudifudi, kwa sababu barafu huanza juu, na mdomo utabaki wazi.

Mimi nilifika kileleni. Lakini nikiulizwa habari za safari ile, sioni kilele; namwona mwenzangu nyuma ya nyumba ya Horombo, na mimi nikinyamaza. Atakayeona mwenzake anatapika, na amwambie kiongozi.