Mtoto Amerudishwa Nyumbani kwa Sababu ya Rasta au Hijabu

Wazazi wa Kitengela na mji wa Kajiado huambiwa sentensi moja langoni mwa shule: "Hizi ndizo sheria, na wewe ulizikubali ulipomleta." Wengi hurudi nyumbani wakiamini mambo yameisha. Hayajaisha. Sheria za shule ziko chini ya Katiba, na Kifungu cha 27(4) kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo dini, utamaduni, jinsia na mavazi. Kifungu cha 32 kinaongeza kwamba mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi au kazi kwa sababu ya imani yake.

Mwaka wa 2019 kesi mbili za aina hii ziliamuliwa, moja ikafaulu na nyingine ikaanguka. Tofauti yao ndiyo inayomfaa mzazi leo.

Ya kwanza ilihusu msichana wa Kibra, Nairobi, aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2019 akiwa na rasta alizozifunika kwa kilemba. Shule ilimrudisha nyumbani akazinyoe. Baba yake alikwenda Mahakama Kuu, akaeleza kwamba familia ni ya Rastafari na kwamba nywele zile ni sehemu ya imani yao. Msichana aliruhusiwa kurudi darasani kesi ikiendelea, na mnamo Septemba 13, 2019, Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Rastafari ni dini inayolindwa na Katiba na kwamba kumfukuza kulivunja haki zake.

Kumbuka kilichoshinda hapo: imani, si mtindo. Mtoto aliyefuga rasta kwa sababu anazipenda hawezi kuegemea uamuzi huu kwa nguvu ile ile. Vivyo hivyo kwa utamaduni. Familia ya Kimaasai inayotaka mtoto aruhusiwe kuvaa shanga fulani ieleze desturi inayohusika na wakati wake, maana "sisi ni Wamaasai" pekee haitoshi.

Kesi ya pili ilitoka Isiolo, katika shule ya Kiwanjani inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist. Wasichana Waislamu waliomba kuvaa mtandio na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa ndilo lililoshtaki kuzuia jambo hilo, likashinda Mahakama Kuu mwaka wa 2015. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki kwa hoja ambayo kila mzazi anapaswa kuielewa: kanuni inayowahusu wote sawasawa inaweza bado kuwaumiza wachache, na huo pia ni ubaguzi. Lakini Januari 2019, Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi huo. Haikusema hijabu imekatazwa. Ilisema mzazi aliyewatetea wasichana aliingia katika kesi ya kanisa kama mhusika tu, akaleta madai yake mwenyewe humo kwa njia isiyofaa. Ndiyo maana suala la hijabu shuleni halina jibu la mwisho mpaka leo, na hilo linanisikitisha kila ninapowaza wasichana wale.

Kwa hiyo anza na barua. Mwandikie mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi, useme imani ni ipi, inadai nini, na unaomba nafuu gani ndogo, kwa mfano mtandio wa rangi ya sare. Omba jibu kwa maandishi na utunze nakala. Mtoto akiendelea kuzuiwa, fungua ombi lako mwenyewe katika Mahakama Kuu ya Kajiado. Usijibanze ndani ya kesi ya mwingine. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya haki za kimsingi, na mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Katika ombi hilo hilo, omba amri ya muda ya kumrudisha mtoto darasani, kwa sababu hukumu inaweza kuchukua miezi.

Kazini mzigo ni mwepesi zaidi kwako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini au jinsia, na ukilalamika, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kiwandani, agizo la kufunga nywele na nguo zilizolegea karibu na mashine lina sababu ya usalama na litasimama. Lakini mlinzi wa kike akilazimishwa kuvaa sketi huku wenzake wa kiume wakivaa suruali kwa kazi ile ile, au mwanamume akitimuliwa kwa kusuka nywele pale wanawake wanaposuka, mwajiri aulizwe nguo au nywele hizo zinazuia kazi gani. Ukiachishwa kazi, mpelekee afisa wa leba malalamiko kabla ya miezi 3 kupita.