Bango la Kinyozi: Somo la Kuandika Maelezo ya Picha

Ndugu msomaji, hebu itazame picha iliyo juu ya ukurasa huu. Ni bango la kinyozi wa pale karibu na kituo cha matatu. Limeandikwa hivi:

KINYOZI
KITI CHA PILI KIKO TAYARI
HAKUNA MIADI, INGIA TU
JUMATATU – JUMAMOSI 8 – 7
WAKUBWA 100/= WATOTO 50/=

Mwezi wa Februari 2024 mhariri wetu alinikabidhi picha hii niiandikie maelezo. Mimi nikajiambia, "Ah, kazi ya dakika mbili!" Nikaandika mbiombio:

"Kinyozi kimepanuka! Vinyozi wawili wanakungoja kila siku kuanzia saa nane hadi saa saba. Hakuna kupanga foleni. Bei ni shilingi 50 kwa wanafunzi."

Tuliibandika picha na maelezo hayo kwenye ubao wa matangazo. Jumamosi iliyofuata kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alikwenda kunyolewa akiwa na shilingi 50 mkononi. Alikalia benchi muda mrefu, akanyolewa, kisha akadaiwa 100. Alirudi shuleni akiwa na deni, na aliyemtia katika deni hilo ni mimi. Nilimlipia zile 50 zilizobaki. Mwalimu mlezi wa chama akaniambia, "Sasa kaa chini tuyasahihishe maelezo yako, neno kwa neno."

Kosa la kwanza lilikuwa la ngeli. Neno kinyozi lina umbo la KI-VI, lakini kinyozi ni mtu, kwa hiyo hufuata ngeli ya A-WA: kinyozi amefika, vinyozi wamefika. Ukisema "kinyozi amepanuka", watu watadhani amenenepa! Kilichopanuka ni kibanda cha kinyozi.

La pili ni saa. Bango limeandika 8 – 7 kwa saa za Kizungu. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapotua, ndiyo sababu pana tofauti ya saa 6. Ukitoa 6 katika 8 unapata saa mbili asubuhi; ukitoa 6 katika 7 unapata saa moja jioni. Mimi nilizisoma tarakimu kama zilivyo. Kwa maneno yangu, kibanda kilifunguliwa mchana baada ya chakula na kufungwa saa moja kabla ya kufunguliwa! Tena niliandika "kila siku" ilhali Jumapili haimo.

La tatu ndilo zito. Niliandika nisichokiona. Bango linataja kiti cha pili. Halisemi kinyozi wa pili. Vilevile "hakuna miadi" maana yake ni kwamba huhitaji kuagana na kinyozi mapema. Haina maana kwamba hutamkuta mtu mbele yako. Na "watoto" si "wanafunzi". Hayo matatu niliyabuni kichwani, nikayaandika kana kwamba yamo pichani.

"Basi nenda ukamwulize mwenyewe," Mwalimu akasema.

Nilimkuta kinyozi akipangusa mashine yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Unanyoa?"

"La, nimekuja kuuliza. Hicho kiti cha pili kina mtu wake?"

Akacheka. "Yupo, lakini huja Jumamosi tu, tena baada ya saa nane. Siku nyingine niko peke yangu, na kiti hicho mteja hukalia akingojea zamu."

"Na watoto ni akina nani?"

"Wa shule ya msingi. Nyinyi wa sekondari vichwa vyenu ni vya wakubwa, bwana!"

Nikarudi na kuandika upya:

"Bango la kinyozi karibu na kituo cha matatu, Februari 2024. Linatangaza kiti cha pili na kuwakaribisha wateja bila miadi, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Kunyoa kwa kawaida ni shilingi 100 kwa wakubwa na 50 kwa watoto. Kinyozi mwenyewe anasema kwamba watoto ni wa shule ya msingi, na kwamba kinyozi wa pili huja Jumamosi alasiri pekee."

Tazama maneno mawili hapo: "linatangaza" na "anasema". La kwanza linabeba yale yaliyoandikwa kwenye bango, la pili yale niliyoambiwa. Msomaji anajua kila habari imetoka wapi. Tarehe nayo ni lazima, kwa sababu bei hupanda lakini picha haibadiliki. Atakayelisoma jarida hili baadaye asije akamwendea kinyozi na shilingi 100 akidai bei ya Februari 2024.

Yule kijana wa Kidato cha Kwanza ndiye niliyemsomea maelezo mapya kabla hayajachapwa. Aliyasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo mimi ni mkubwa?" Nikamwambia, "Kwa kinyozi, ndiyo."