Somo la Kiingereza: Nani Alichimba Kisima?

Safari hii nawaandikia ninyi mnaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, pamoja na makatibu wa vikundi wanaoandika ripoti kwa Kiingereza.

Kikundi kimoja cha akina mama kilipewa pesa za kisima. Katibu aliandika, "We dug the well." Halafu akaambatisha risiti za malipo ya wachimbaji wawili. Wafadhili wakauliza: kama mlichimba wenyewe, basi hizi pesa alilipwa nani? Barua zikaenda na kurudi, na awamu ya pili ya pesa ikakwama. Hakuna aliyeiba, ni sentensi tu.

Sisi kwa Kiswahili husema "nimejenga nyumba" hali aliyeshika mwiko ni fundi, na hakuna anayeshangaa. Kiingereza kikisema "I built" mtu anaweza kuelewa ni mikono yako. Ukifanyiwa kazi na mwingine, sema: "We had the well dug." Hapo ndipo Kiswahili nacho kingesema "tulichimbisha kisima".

Sasa angalieni mpangilio, maana hapa ndipo wengi huanguka. Kwanza "had", kisha kitu chenyewe, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu (dig, dug, dug). Ukitanguliza kitenzi, ukaandika "We had dug the well", maana imegeuka: mlikuwa tayari mmechimba, na ni ninyi wenyewe. Maneno ni yale yale, yamebadilishana viti tu.

Tuseme karatasi imekupa: "A carpenter repaired Auma's door", nawe uandike upya ukianza na "Auma had". Jiulize, kilichotengenezwa ni nini? Mlango. Basi mlango ukae mara tu baada ya "had": "Auma had her door repaired by a carpenter." Ukiulizwa swali, usianze na "Had Auma". Andika "Did Auma have her door repaired?"

"Get" hufanya kazi hiyo hiyo, "We got the well dug", ila ni ya mazungumzo zaidi. Tofauti huja unapomtaja mfanyakazi kwanza. "We had two men dig the well", bila "to". Lakini "We got two men to dig the well", na "to" ni lazima. Ukitumia "made", yaani "We made two men dig", umesema mliwalazimisha! Katibu wetu asije akaandika hiyo.

Msishangae pia kukuta "Auma had her bag stolen." Auma hakumtuma mwizi. Mpangilio huo huo hutumika mtu anapopatwa na jambo baya, na ni habari yenyewe itakayokuonyesha kama ni kazi iliyoagizwa au ni msiba.