Haja, Mpango na Gharama: Namna ya Kunoa Aya ya Kwanza ya Ombi la Ruzuku



Mwaka jana kamati yetu iliandika ombi la ruzuku kwa ajili ya shule moja ya msingi katika sekta ya Nyundo, hapa Rubavu. Kurasa zilikuwa kumi na mbili na tulizifanyia kazi wiki tatu. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: ombi halikueleweka linataka nini. Tuliudhika, kwa sababu kila kitu kilikuwamo. Tuliporudi kulisoma kwa utulivu tukaona kosa. Kilichotakiwa kilikuwa ukurasa wa tatu, bei zilikuwa ukurasa wa kumi na moja, na muhtasari uliokuwa mwanzoni haukuwa na hata kimoja. Somo hili ni la muhtasari huo, hasa aya yake ya kwanza.

Anayepokea maombi huwa na rundo mezani, na kwanza anataka kujua lipi la kuendelea nalo. Wafadhili wengine wameiweka hatua hiyo kwenye kanuni. Katika miito mingi ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mwombaji hutoa kwanza andiko fupi la wazo, nalo hupewa alama kati ya 50. Lisilofikia 30 huishia hapo; kurasa ndefu za mradi hazisomwi kabisa. Wafadhili wadogo hawana alama hizo, lakini hufanya vivyo hivyo kwa macho: wanasoma aya ya kwanza na kuamua. Kwa hiyo aya hiyo ijibu maswali matatu. Nani ana shida gani? Mtafanya nini? Itagharimu kiasi gani, na ninyi mnaomba kiasi gani?

Aya yetu ya zamani

Hivi ndivyo tulivyoanza mwaka jana:

«Jumuiya yetu ni jumuiya ya wanafunzi wenye ari ya kuitumikia jamii. Maji ni uhai, na usafi ni sehemu ya imani. Wilaya ya Rubavu imekumbwa na majanga mengi, yakiwemo mafuriko makubwa ya mto Sebeya. Kutokana na hali hiyo, jumuiya imeona umuhimu wa kuanzisha mradi wa maji safi ili kuinua kiwango cha afya na elimu.»

Chukua kalamu tatu za rangi. Kwa ya kwanza pigia mstari maneno yanayotaja haja, kwa ya pili mpango, kwa ya tatu gharama. Katika aya hii kalamu ya tatu haikupata kazi yoyote. Ya pili ilipata «mradi wa maji safi», maneno yanayoweza kuwa kisima, bomba, dawa ya kusafishia maji au semina. Ya kwanza ilisimama kwenye mafuriko, na hapo ndipo tulipojifunza jambo kubwa zaidi.

Mafuriko hayo ni ya kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika, na mvua za usiku ule ziliua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Kila mtu wa Nyundo na Rugerero anaukumbuka usiku huo. Lakini mafuriko hayathibitishi kwamba watoto wa shule ile wanakosa maji ya kunawa leo. Msomaji makini atauliza: hili tangi linazuia mafuriko? Halizuii. Basi msiba mkubwa tuliouweka mbele uliidhoofisha haja yetu ndogo iliyo ya kweli, na tena tukaonekana kama tunautumia msiba wa watu kuombea fedha. Kama mradi ungekuwa wa kuhamisha vyoo vilivyobomolewa na mto, mafuriko yangestahili kuwa mwanzo wa aya.

Sentensi ya dini nayo ina mahali pake. Basmala, salamu na dua viwekwe kwenye barua inayosindikiza ombi. Aya ya kwanza ya muhtasari iachiwe mambo matatu.

Kuandika haja

Kosa linalorudiwa sana ni kuandika haja kama ukosefu wa kile unachotaka kununua: «Shule haina tangi.» Ukiandika hivyo, umelirudia jibu badala ya kueleza tatizo. Shule nyingi hazina tangi na zina maji ya bomba kila siku. Hizo hazina haja. Haja ni kile kinachompata mtu: mtoto anatoka chooni, anafungua koki, inakoroma, anarudi darasani.

Jambo hili linahesabika bila utafiti mkubwa. Tulimwomba mwalimu mmoja afungue koki saa nne asubuhi kila siku ya masomo, aandike «yapo» au «hayapo». Baada ya siku 20 tulikuwa na «hayapo» 13. Daftari hilo halikugharimu hata faranga moja, nalo lina nguvu kuliko aya nzima ya masikitiko. Andika idadi ya watoto, mahali, na hesabu yako. Usikopeshe takwimu ya nchi nzima ukaivisha shule moja.

Kuandika mpango

Mpango uandikwe kwa vitenzi vinavyoonekana: kuweka, kujenga, kufundisha. «Kuhamasisha» na «kuboresha» havionekani mpaka uvifafanue. Kila kitenzi kifuatwe na idadi, na wakati utajwe.

Hapa hesabu ya maji inakulinda usiahidi usichoweza. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 200. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika na yanayokauka, unabaki na lita 160. Kulijaza tangi la lita 10,000 kunahitaji kama milimita 63 za mvua. Wanafunzi 420, kila mmoja akinawa mara mbili kwa nusu lita, wanatumia lita 420 kwa siku, kwa hiyo tangi lililojaa linatosha siku 23 za masomo bila tone jingine.

Hesabu hiyo ilibadilisha ombi letu kwa namna mbili. Kwanza, tulifuta maneno «kumaliza tatizo la maji shuleni», kwa kuwa tangi moja halitoi maji ya kunywa wala ya kupikia. Tukabaki na kunawa mikono. Pili, tulijua lini pa kumaliza kazi. Kiangazi kirefu kinaanza Juni, na mwaka wa masomo wa Rwanda, unaoanza Septemba, hufungwa kati ya mwisho wa Juni na Julai. Pengo la kuogopwa ni Juni, na siku 23 zinalifunika. Lakini tangi lazima liwe mahali pake kabla mvua za Mei hazijapita. Likifungwa mwezi wa Juni, litasimama tupu hadi Septemba, na mfadhili akija kutembelea ataliona tupu.

Kuandika gharama

Wengi huogopa kutaja fedha mapema, wakidhani ni utovu wa adabu. Kumbe msomaji anayekosa bei anadhani unaificha. Taja namba tatu: jumla, mnachoomba, na mnachochangia.

Bei ninazoweka hapa ni za zoezi. Ninyi chukueni zenu kwenye proforma za wauzaji. Tangi faranga 1,400,000, mifereji na mabomba 380,000, msingi wa zege 420,000, sehemu ya kunawia 360,000, usafiri na mafundi 270,000, mafunzo 130,000. Jumla 2,960,000. Wazazi wanaleta mawe, mchanga na nguvukazi vya thamani ya 300,000, jumuiya inatoa fedha taslimu 160,000. Tunachoomba ni 2,500,000. Orodha hii inakaa kwenye ukurasa wa bajeti. Aya ya kwanza inachukua namba tatu tu. Mchango wa nguvukazi nao uwe na hesabu yake, watu wangapi kwa siku ngapi, kwa sababu utaulizwa. Usiuandike kama wazazi hawajakubali mkutanoni.

Aya mpya

«Katika shule ya msingi iliyoko sekta ya Nyundo, wilaya ya Rubavu, wanafunzi 420 hutoka chooni bila kunawa mikono kila bomba linapokauka, katika siku 20 za masomo tulizohesabu, lilikauka siku 13. Kati ya Februari na Aprili tutaweka mifereji kwenye paa la madarasa, tangi la lita 10,000 na sehemu ya kunawia yenye koki nane, na kuwafundisha walimu wawili kuvitunza, ili mvua za Mei zilijaze tangi kabla ya kiangazi. Gharama yote ni faranga 2,960,000: tunaomba 2,500,000, na 460,000 zinatoka kwa wazazi na jumuiya yetu.»

Ni sentensi tatu, na kila moja ina kazi yake. Jina la jumuiya, uzoefu wake na usajili wake vinafuata katika aya ya pili, pale msomaji anapoanza kujiuliza: hawa ni nani, na wanaweza kuaminiwa amana hii?

Majaribio mawili kabla ya kutuma

La kwanza: mpe aya mwenzako asiyeujua mradi. Aisome mara moja, aigeuze karatasi, akuambie nani ana shida gani, mtafanya nini, mnaomba kiasi gani. Akikosea jibu, usimweleze kwa mdomo. Rekebisha sentensi, kwa sababu hutakuwepo mezani kwa mfadhili. Mwenzetu aliyeisoma yetu alijibu yote matatu, kisha akauliza: «Na sabuni?» Hatukuwa na sabuni mahali popote, si kwenye mpango wala kwenye bajeti. Tulirudi kwa mwalimu mkuu, akakubali kuinunua kwa fedha za shule, na ahadi hiyo ikaingia katika sehemu ya uendelevu wa mradi.

La pili: linganisha aya na bajeti, mstari kwa mstari. Kila kitu kilichotajwa katika mpango kiwe na bei yake, na kila bei iwe na kazi yake katika mpango. Namba ziwe zilezile hadi tarakimu ya mwisho. Mara nyingi bajeti hubadilika usiku wa mwisho, bei ya tangi inapanda, na muhtasari unabaki na jumla ya zamani. Msomaji akikuta 2,960,000 mbele na 3,110,000 nyuma hatajua aamini ipi, na hana wajibu wa kukupigia simu akuulize.

Ndiyo maana aya hii, ingawa inasomwa kwanza, inafaa kuandikwa mwisho, bajeti ikiwa imeshafungwa na kusainiwa. Kamati ikae nayo saa moja, kalamu tatu mezani, na daftari la mwalimu wa bomba liwe karibu.

Wabillahi tawfiq.