Mukono Unaovimba Kisha Upasuaji wa Kwapani

Wandugu wanafunzi, munajua mishipa ya damu. Kuna mishipa ingine, myembamba sana, inayochota maji yanayobaki katikati ya nyama ya mwili na kuyarudisha katika damu. Maji hayo ni limfu. Ile ya mukono inapita kwapani, ndani ya tezi ndogo kama maharagi. Munganga akipasua mama mwenye kansa ya titi, pengine anatoa tezi hizo, ao miali ya kuua kansa inaziharibu. Maji yanakosa njia, mukono unavimba, pengine kisha miaka mingi. Haiko uchawi. Lakini uvimbe mupya uonyeshwe kwa munganga, apate kujua kama kansa haikurudi.

Kinga inaanza kwa kisu chenyewe. Tezi zote za kwapani zikitolewa, karibu mama 1 kati ya 5 atavimba. Zikitolewa tu zile chache za kwanza kupokea maji ya titi, ni karibu 1 kati ya 20. Kwa hiyo, kama kansa haijafika kule, waganga wa sasa wanaacha zingine.

Tuseme mama mulimaji alipimwa kwa utepe mbele ya upasuaji, sentimeta 10 chini ya kiwiko: kuume 24, kushoto 23. Kuume ni mukubwa juu ndio unashika jembe. Alipasuliwa kushoto. Kisha miezi minane, kuume ni 24, kushoto 25. Mutu atasema tofauti ni 1 tu. Hapana! Kushoto kumeongezeka 2, na hiyo inatosha kwenda kwa munganga. Ndiyo maana tunapima mikono yote miwili, tena mbele ya kupasua. Alama za kwanza ni uzito, na pete ao mukono wa nguo unaobana.

Kila siku anawa mukono kwa maji na sabuni, anakausha vizuri katikati ya vidole, anapaka mafuta yasiyo na harufu ngozi isipasuke. Akikata kuni anavaa glavu. Kidonda hata kidogo kinaoshwa mara moja na kufunikwa, juu mikrobi ikiingia katika maji yale yaliyosimama inazaa upesi. Wengi wanakatazwa kazi zote. Si vizuri, maana nyama ikikazana na kulegea ndiyo inasukuma maji. Arudilie jembe na ndoo pole pole, akiongeza uzito kidogo kidogo.

Kama uvimbe umekaa, kuna soksi ya mukono inayobana, iliyopimwa na mujuzi, huvaliwa muchana. Kufunga kamba ao kitambaa kwa nguvu kunazuia maji zaidi. Vidonge vya kukojolesha havisaidii: vinatoa maji, protini inabaki na kuyavuta tena.

Lakini ngozi ikiwa nyekundu, ya moto, yenye kuuma, pamoja na homa na kutetemeka, asingoje kesho. Avue soksi, asikande mukono, aende hospitali siku ile ile kupewa antibiotiki, na azimalize zote. Kila shambulio linaharibu mishipa iliyobaki, na mukono unazidi kuwa mugumu.