Mwanafunzi asiye na barua pepe amesahau nenosiri

Jumatatu moja asubuhi msichana wa darasa la tatu la humanite alinijia ameshika simu ya mama yake. Tangu Ijumaa alikuwa anajaribu kuingia kwenye jukwaa la masomo la shule yetu hapa Likasi, nenosiri likakataa. Alibonyeza mahali pa waliosahau, akaandika jina lake la kuingilia, na skrini ikamjibu kwamba kama jina hilo ni sahihi, barua imeshatumwa. Akangoja siku tatu. Lakini barua hiyo ilitumwa wapi, ikiwa mtoto huyu hajawahi kuwa na anwani ya barua pepe?

Shule yetu inatumia Moodle, programu iliyoanzia Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Moodle hutoa jibu lile lile hata kama jina halipo kabisa, ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kuitumia kujua ni nani ana akaunti. Kwa hiyo jibu hilo halimwambii mwanafunzi lolote kuhusu akaunti yake. Hata barua ikifika mahali, kiungo kilichomo hukaa hai dakika 30 tu, kama shule haijabadilisha mpangilio huo.

Kabla ya kugusa akaunti, mimi huhakikisha kwanza kwamba nenosiri limesahaulika kweli. Namwomba mwanafunzi aliandike kwenye nafasi ya jina la kuingilia, ambako herufi zinaonekana, kisha alifute. Mara nyingi kosa hujitokeza hapo hapo. Simu imeweka herufi kubwa mwanzoni bila yeye kujua. Au kompyuta ya shule ina vibonye vilivyochapwa kwa mpangilio wa Kiingereza, huku ndani imewekwa mpangilio wa Kifaransa: anabonyeza a, inatoka q, anabonyeza w, inatoka z, hata tarakimu hazitoki bila kushika kibonye cha herufi kubwa. Mtoto aliyechagua nenosiri lake kwenye kompyuta hiyo bila kuona alichoandika hataweza kuingia akitumia simu, na atasema amesahau, kumbe anakumbuka vizuri kabisa. Katika shule nyingine msimamizi ameweka kwamba anayekosea mara kadhaa afungiwe kwa muda. Hapo kuendelea kujaribu kunazidisha tatizo.

Msichana wangu alikuwa amesahau kweli. Hapo mwalimu hufika kwenye mpaka wa uwezo wake: kwa kawaida nafasi ya ualimu ndani ya Moodle hairuhusu kubadilisha nenosiri la mtu. Msimamizi wa jukwaa ndiye anayeweza. Kazi yangu ni ile ambayo yeye, akiwa ofisini mbele ya orodha ya mamia ya majina, hawezi kuifanya, yaani kuthibitisha kwamba anayeomba ndiye mwenye akaunti.

Kwetu kazi hiyo si ndogo. Mtoto ana jina, jina la pili na jina la ubatizo, na aliyeandikisha anaweza kuwa ameyapanga kwa utaratibu wowote. Ilunga Mwamba na Mwamba Ilunga wanaweza kuketi darasa moja. Ndiyo maana sikubali ombi linalokuja kwa ujumbe wa simu, hata likiwa na adabu namna gani. Mtoto aje mwenyewe, nimwone, nimlinganishe na daftari la mahudhurio na namba yake ya uandikishaji. Akiwa mbali, kwa mfano amekwenda kwa shangazi yake Lubumbashi, napiga mimi namba ya mzazi iliyo kwenye faili la shule, wala si ile iliyonitumia ujumbe.

Tulipofika kwa msimamizi, shauri lake la kwanza lilikuwa tumfungulie mtoto akaunti mpya ili tumalize haraka. Nilikataa. Alama za majaribio, kazi alizowasilisha na masomo aliyokamilisha vimefungwa kwenye akaunti ya zamani, na Moodle yenyewe haina njia ya kuunganisha akaunti mbili. Muhula ukiisha, mtoto ataonekana mara mbili kwenye orodha, kila mahali ana nusu ya alama, na mwalimu wa hesabu atahangaika kutafuta nusu ya pili. Tukaitafuta ya zamani kwa jina la ukoo peke yake, tukaangalia masomo aliyoandikishwa na siku aliyoingia mara ya mwisho. Alisema ni Jumatano kabla ya umeme kukatika, na ndivyo ilivyokuwa.

Msimamizi akaweka nenosiri la muda, akatia alama ya kumlazimisha mwenye akaunti kulibadilisha mara aingiapo. Nililiandika kwenye kipande cha karatasi, nikampa mkononi. Akaingia palepale, nami nikageuka wakati anachagua lake. Kama shule haijalegeza masharti, Moodle inadai alama zisizopungua nane, zikiwemo herufi ndogo, herufi kubwa, tarakimu moja na alama kama nukta au mkwaju. Nilimwambia achague maneno mawili anayoyajua yeye, ayaunganishe kwa nukta, kisha atie herufi kubwa na tarakimu. Nilimkataza kutumia namba ya siri ya pesa za simu ya mama yake, kwa sababu watoto wengi huikimbilia hiyo. Mwisho akatoka kwenye akaunti, akaingia tena kwa simu ile ile atakayoitumia nyumbani. Jaribio hilo la pili usiliache. Ndilo linalofichua matatizo ya vibonye.

Kama msimamizi mwenyewe amepoteza njia ya kuingia, anayetunza mashine ya shule anaweza kubadilisha nenosiri lake moja kwa moja kwa amri hii, akiwa ndani ya folda ya Moodle. Itamwuliza jina la kuingilia, kisha nenosiri jipya:

```
php admin/cli/reset_password.php
```

Lakini swali langu la mwanzo lilibaki. Tukafungua maelezo ya msichana yule. Moodle hudai kila akaunti iwe na anwani, na aliyeandikisha darasa zima alikuwa amejitungia: jina la mtoto, namba, kisha gmail.com. Anwani kama hiyo inaweza kuwa ya mtu halisi popote duniani, na ikiwa ni yake, mtu huyo alipokea kiungo cha kufungua akaunti ya mtoto wetu. Hata isipokuwa ya mtu leo, yeyote anaweza kuisajili kesho.

Wengine huandika anwani ya mwalimu. Hilo nalo silipendi, kwa kuwa humpa mwalimu ufunguo wa akaunti za wanafunzi wake, na tena Moodle kwa kawaida haikubali anwani moja itumike mara mbili. Kumfungulia mtoto anwani kwenye simu ya mama hakudumu: simu ikiibiwa au laini ikibadilishwa, anwani nayo inaweza kupotea.

Njia safi ni mwisho wa anwani uliotengwa tangu mwaka 1999 usiwe mali ya mtu yeyote mtandaoni. Moodle ikiuona, haitumi barua kabisa:

```
mwanafunzi0417@shule.invalid
```

Tarakimu ni namba ya uandikishaji, kwa hiyo hakuna anwani itakayofanana na nyingine. Kwa anwani hiyo njia ya barua pepe imefungwa, na mtoto akisahau tena atarudi kwa mwalimu wake na daftari la mahudhurio. Prefe alikubali, tukabadilisha darasa zima kwa saa moja.

Mwalimu mwenzangu, mwombe msimamizi wako akufungulie orodha ya wanafunzi wa darasa lako, kisha usome safu ya anwani. Kila anwani ya kubuni unayoiona hapo ibadilishwe kabla mtoto mwingine hajabonyeza mahali pa waliosahau.