Gorogoro Moja, Uzito Tofauti

Chukua gorogoro mbili zinazolingana, zile zinazopimia mahindi sokoni Kitale. Moja ijaze buni iliyokobolewa kutoka shamba lililo karibu na mji wa Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyingine ijaze buni ya miteremko ya Mlima Elgon, kwenye mita 1,900, kimo ambacho mji wa Kitale wenyewe unakikaribia. Zisawazishe juu kwa kijiti, kisha zipime. Tuseme ya kwanza ina kilo 2 na ya pili kilo 2.1. Nafasi ni ile ile, ila moja imebeba gramu 100 zaidi. Uzito huo uliomo katika nafasi moja ndio tunaouita msongamano.

Kipimo hiki kina masharti. Punje ziwe za daraja moja la ukubwa, na zote ziwe zimekauka sawasawa, takribani asilimia 11 ya unyevu, kwa sababu buni mbichimbichi huudanganya mzani. Gorogoro pia hupima hewa iliyo kati ya punje. Ukitaka kuijua punje yenyewe, tumbukiza gramu 100 ndani ya chombo chenye maji na alama za mililita, usome haraka kabla buni haijaanza kufyonza. Maji yakipanda mililita 80, kila mililita ya punje ina gramu 1.25. Yakipanda 77, ina gramu 1.3 hivi.

Gramu hizo za ziada zimetoka wapi? Tunda la kahawa halikui mara moja kwa kila upande. Wiki chache baada ya maua kudondoka, tunda hunywa maji na kutanuka, na chumba cha punje hupata ukubwa wake. Kisha ganda la chumba hicho hukakamaa. Baada ya hapo punje haiwezi kupanuka tena. Inaweza tu kujazwa. Mti huipelekea sukari, na punje huigeuza kuwa kuta nene za seli, mafuta, protini na akiba ya sukrosi. Kwa hiyo mvua ya miezi ya mwanzo huamua ukubwa wa punje, na miezi ya kujaza huamua msongamano. Ndiyo maana punje kubwa inaweza kuwa nyepesi, na ndogo ikawa nzito.

Sasa tazama baridi inafanya nini. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo. Kati ya mashamba yetu mawili kuna mita 500, yaani nyuzi 3 hivi. Majani hutengeneza sukari mchana, lakini mti hupumua usiku na mchana, na kupumua ni kuichoma sukari hiyo. Katika joto la kawaida la shambani, kasi ya kuichoma karibu huongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Ukipunguza nyuzi 3, mti huokoa karibu sehemu moja kati ya tano ya sukari ambayo ingeteketea. Pamoja na hayo, tunda huchelewa kuiva, na wiki za kujaza huongezeka. Wakulima wa Trans Nzoia wanalijua jambo hili kwa mahindi: mbegu moja ikipandwa kwenye baridi hukaa shambani muda mrefu kuliko ikipandwa chini kwenye joto.

Basi si mwinuko wenyewe unaoijaza punje. Ni uwiano kati ya sukari inayotengenezwa na idadi ya matunda yanayoigombania, katika muda uliopo. Mti uliobebeshwa matunda kupita kiasi kwa kukosa kupogolewa utatoa punje nyepesi hata ukiwa juu Elgon. Ukame ukiingia miezi ya kujaza, matokeo ni yale yale. Na mkulima hawezi kupanda mlima bila kikomo, kwa maana ugonjwa wa matunda ya kahawa, CBD, uliotambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922, hupenda ubaridi na unyevu wa juu.

Viwanda vyetu vimekuwa vikipima msongamano siku zote, bila gorogoro. Kahawa iliyomenywa na kuchachushwa hupitishwa kwenye mfereji wa maji: punje nzito hutuama, nyepesi husukumwa mbele. Baada ya kukobolewa, matundu ya chekecheo hutenga madaraja ya ukubwa kama AA na AB, halafu upepo wa mashine hupuliza zilizo nyepesi kati yake. Hizo ndizo huuzwa kama TT. Kwa macho TT inaweza kulingana na AB. Uzito ndio uliozitenganisha.

Tofauti hii huwa muhimu zaidi motoni. Punje iliyojaa vizuri hupitisha joto kutoka nje hadi ndani vizuri kuliko yenye vinyweleo vingi vya hewa. Kwenye punje nyepesi joto hukwama juu, na ngozi huungua kabla ya kiini kuiva. Lakini kilo moja ya punje nzito za ukubwa ule ule ina punje chache zaidi, hivyo eneo dogo zaidi la kupokea joto. Ndiyo sababu mkaangaji huianza buni ya Elgon kwa pipa lenye moto zaidi, tuseme nyuzi 200, na ya chini kwa 190. Namba hizo hubadilika kulingana na mashine na mahali kipimajoto kilipo. Kinachobaki ni mpangilio wake. Kuta nene pia huuzuia mvuke kwa muda, na punje zikipasuka, mlio wake huwa mkali.

Moto ukiwa mdogo mno kwa punje nzito, nje huwa kahawia ilhali kiini kimepauka, na kikombe hunuka majani mabichi. Moto ukizidi kwa punje nyepesi, ncha zake hupata madoa meusi na kahawa huwa chungu ya moshi. Saga kidogo, ulinganishe rangi ya unga na ya ngozi ya punje: unga ukiwa mweupe zaidi kwa mbali, joto halikufika ndani. Kosa gumu kuliko yote ni kuchanganya buni za miinuko miwili katika pipa moja, kwa sababu hakuna moto utakaozifaa zote. Ningezikaanga kando kando, nizichanganye baadaye.

Kwenye kinu cha mkono utaihisi tofauti hiyo: punje nzito iliyokaangwa kidogo hukaza mkono. Haikutanuka sana, vinyweleo vyake ni vyembamba, na maji huingia polepole. Kikombe kikitoka chembamba chenye ukali wa ndimu mbichi, saga laini zaidi au tumia maji ya moto zaidi. Kikiwa kichungu na chenye kukausha ulimi, saga kwa chembe kubwa. Pia pima kwa gramu, si kwa kijiko, maana kijiko kimoja cha kahawa nzito hubeba kahawa nyingi zaidi.

Kuhusu ladha, sukrosi iliyohifadhiwa ndiyo kiini cha jambo. Motoni karibu yote huvunjika: sehemu hutoa harufu za karameli, sehemu huwa asidi, zikiwemo za siki, ambazo kwa kiasi zinaupa mdomo ule uchangamfu wa matunda. Punje iliyopata sukari zaidi ina malighafi zaidi ya kufanyia kazi hiyo. Msongamano hauoni mengine. SL28 na Ruiru 11 zenye uzito sawa bado zitatofautiana kikombeni, na buni nzito iliyoachwa ichachuke kupita kiasi itatuama mferejini vizuri kabisa, kisha inuke uvundo ikimiminiwa maji moto.